Kukagua data za lishe ya watoto kabla ya uchambuzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu utafiti wa kaya ambamo watoto wa chini ya miaka mitano hupimwa urefu, uzito na mzingo wa mkono ili kujua udumavu, yaani urefu mdogo kwa umri, ukondefu, yaani uzito mdogo kwa urefu, na uzito pungufu, yaani uzito mdogo kwa umri. Ndizo data za afya zinazoharibika kwa urahisi kuliko nyingi, kwa sababu kila kiashiria hutokana na vitu viwili au vitatu vilivyoandikwa na mtu aliyeinama mbele ya mtoto anayelia.

Ukaguzi uanzie wapi?

Uanze na vitambulisho. Hakikisha kila mtoto ana namba ya eneo, ya kaya na ya mstari wake kwenye orodha ya wanakaya, na kwamba namba hizo tatu zikiunganishwa hazijirudii. Mtoto aliyeingizwa mara mbili, mara ya kwanza bila uzito na mara ya pili akiwa na uzito, atakuletea "taarifa zinazokosekana" ambazo kwa kweli hazikosekani.

Kisha zifuate tarehe, umri, vipimo kimoja kimoja, na mwisho vipimo vikilinganishwa na umri. Usiruke mpangilio huo. Urefu wa sentimita 73.5 hauna kosa lolote ukiutazama peke yake. Kosa huonekana pale unapoambiwa mwenye urefu huo ana miaka mitatu.

Umri "usiowezekana" ni upi hasa?

Kuna unaojionyesha wenyewe: tarehe ya kuzaliwa iliyo mbele ya tarehe ya mahojiano, mtoto wa miezi 74 katika orodha ya walio chini ya miezi 60, au mama wa miaka 19 mwenye mtoto wa kumzaa wa miaka 10. Hiyo ya mwisho wengi huikosa kwa sababu umri wa mama na wa mtoto hukaa katika mafaili mawili tofauti. Unganisha mafaili kwanza, toa umri wa mtoto kwenye umri wa mama, na kila tofauti iliyo chini ya miaka 12 iwekee alama.

Umri wa mtoto usiuchukue kutoka swali la "ana miezi mingapi?" ikiwa tarehe ya kuzaliwa ipo. Uhesabu kwa siku, ugawanye kwa 30.4375, ambao ndio wastani wa siku za mwezi mmoja. Jibu la mdomo litumie kulinganisha tu. Zikipishana kwa zaidi ya mwezi mmoja, mojawapo ina kosa.

```r
d$siku  <- as.numeric(d$tarehe_mahojiano - d$tarehe_kuzaliwa)
d$miezi <- d$siku / 30.4375
d$b_umri  <- !is.na(d$miezi) & (d$miezi < 0 | d$miezi >= 60)
d$b_tofauti <- !is.na(d$miezi) & !is.na(d$miezi_mdomo) &
               abs(floor(d$miezi) - d$miezi_mdomo) > 1
```

Kabla ya kuamini hesabu hiyo, angalia kama safuwima zote mbili za tarehe zimesomwa kama tarehe kweli. Faili likipitia kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani, 03/08/2022 hugeuka kuwa tarehe 8 Machi, na 23/08/2022 hubaki kama maandishi tu. Dalili yake ni hii: tarehe zote zinazosomeka zina siku kati ya 1 na 12, na zilizobaki zote zimekuwa tupu. Ukiona hivyo usisahihishe safu moja moja. Rudi kwenye faili la asili na ulisome upya.

Mama hajui tarehe. Tunaandika nini?

Kadi ya kliniki ndiyo ya kwanza. Ikikosekana, mdadisi atumie kalenda ya matukio: orodha ya mwezi kwa mwezi ya mambo yanayokumbukwa mahali pale, kama vile Ramadhani, uchaguzi, mafuriko, kuanza kwa masika, mavuno ya mpunga. Mama asiyejua tarehe hujua kama mtoto alikuwa tumboni au mgongoni wakati wa uchaguzi.

Mwezi na mwaka vikijulikana lakini siku haijulikani, weka siku ya 15, na katika safuwima nyingine andika kwamba siku hiyo imekadiriwa. Mwaka tu ukijulikana, usibuni mwezi. Umri wa mtoto huyo haujulikani vya kutosha kukokotoa udumavu, na ni afadhali hivyo kuliko kumpa mwezi wa Juni kwa sababu uko katikati.

Tutambueje umri uliokadiriwa bila kusemwa?

Hesabu watoto kwa kila mwezi wa umri, kuanzia 0 hadi 59, kisha chora nguzo. Zikiwa ndefu ghafla kwenye 12, 24, 36 na 48, huku jirani zake 11, 13, 23 na 25 zikiwa fupi, umri ulitajwa kwa miaka na mdadisi akauzidisha kwa 12.

Kuna jambo la pili ambalo tunaona halipewi uzito wake: mpaka wa miaka mitano. Mdadisi anajua kwamba mtoto wa miezi 58 atamdai ubao wa kupimia, mizani na dodoso zima la afya, na wa miezi 61 hatamdai kitu. Saa kumi jioni, baada ya kaya nane, watoto wa miaka minne huanza "kukua". Utaliona ukitazama orodha ya wanakaya: hesabu walio na miaka 4 kamili na walio na miaka 5 kamili. Makundi hayo mawili hutakiwa kukaribiana. Timu moja ikikuletea 31 wa miaka minne na 58 wa miaka mitano ilhali timu nyingine zinakaribiana, tatizo haliko kwa watoto. Tafuta tofauti hiyo kwa timu, si kwa utafiti mzima, maana katika jumla humezwa.

Vipimo vipi viko nje ya mipaka?

Kuna mipaka ya aina mbili na ni vizuri kutozichanganya.

Ya kwanza ni ya kipimo chenyewe. Majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya uzito kwa urefu huanzia sentimita 45 na kuishia 120, kwa hiyo urefu ulio nje ya hapo huwekewa alama moja kwa moja. Kwa uzito, kilo 1.5 hadi 30 hutosha kunasa nukta iliyopotea (112 badala ya 11.2) na urefu ulioandikwa kwenye nafasi ya uzito.

Ya pili ni ya alama ya Z, yaani umbali wa mtoto kutoka katikati ya watoto wa jinsia yake wenye umri au urefu kama wake, ukihesabiwa kwa hatua za mkengeuko sanifu. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni hii: urefu kwa umri, chini ya -6 au juu ya +6, uzito kwa umri, chini ya -6 au juu ya +5, uzito kwa urefu, chini ya -5 au juu ya +5. Anayevuka hutolewa katika kiashiria hicho tu. Kumfuta mtoto mzima kwa sababu kiashiria kimoja kimevuka ni kosa la kawaida sana.

Mzingo wa mkono una mtego wake. Utepe unasomwa kwa milimita, na mipaka ya utapiamlo ni 115 na 125. Mdadisi mmoja akiandika kwa sentimita, mtoto mwenye afya wa 13.5 atahesabiwa kuwa chini ya 115, yaani mwenye utapiamlo mkali. Watoto kumi wa namna hiyo wanatosha kukuzulia dharura isiyokuwepo. Angalia kwanza kila thamani iliyo chini ya 30: hakuna mkono wa mtoto wenye mzingo wa milimita 13, kwa hiyo huo ni uhakika wa kipimo cha sentimita, na unaweza kuzidisha kwa 10 bila wasiwasi. Ni mojawapo ya marekebisho machache yasiyohitaji kupiga simu.

Mtoto akiwekewa alama, tutajuaje kosa liko kwenye umri, urefu au uzito?

Soma alama zote tatu kwa pamoja. Uzito kwa urefu hautumii umri kabisa. Basi kama huo ni wa kawaida lakini urefu kwa umri na uzito kwa umri vyote vimeporomoka, mshukiwa wa kwanza ni umri. Kama urefu kwa umri na uzito kwa urefu vimekwenda pande tofauti, mmoja juu na mwingine chini, huku uzito kwa umri ukiwa umetulia, mshukiwa ni urefu. Kama uzito kwa umri na uzito kwa urefu vimekwenda pamoja na urefu kwa umri umetulia, ni uzito.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Mtoto wa kiume, mahojiano tarehe 12 Agosti 2024, kuzaliwa kumeandikwa 10 Agosti 2021. Hizo ni siku 1,098, sawa na miezi 36. Urefu sentimita 73.5, uzito kilo 9.2, amepimwa akiwa amelala.

Katikati ya wavulana wa miezi 36 ni sentimita 96.1, na hatua moja ya mkengeuko sanifu ni takriban 3.7. Mtoto wetu yuko 22.6 chini ya katikati, kwa hiyo alama yake ni kama -6.1. Amevuka. Uzito kwa umri uko chini kidogo ya -3.5: mbaya, ila haujavuka. Uzito kwa urefu uko karibu na sifuri, maana kilo 9.2 ni uzito wa kawaida kabisa kwa urefu huo. Kwa kanuni ya hapo juu, umri ndio wenye shaka.

Sasa tazama neno "amelala". Watoto walio chini ya miezi 24 hupimwa wakiwa wamelala, wakubwa wakiwa wamesimama. Mdadisi aliandika umri wa miaka mitatu lakini akamlaza mtoto. Macho yake yalimwona mchanga hata kama kidole kilibonyeza mwaka mwingine. Jaribu 2023 badala ya 2021: siku 368, miezi 12. Katikati ya wavulana wa umri huo ni 75.7, hatua moja ni kama 2.4, alama inakuwa -0.9.

Je, tuandike 2023? Bado. Hilo ni jambo la kumuuliza msimamizi, ambaye ataomba kadi ionyeshwe tena. Kadi ikisema 2023, sahihisha. Asipopatikana mtu, umri unabaki tupu: mtoto anatoka kwenye udumavu na uzito pungufu, anabaki kwenye ukondefu. Kurekebisha kwa kuwa "2023 inaleta alama nzuri" ni kuchagua jibu kwanza, kisha kutafuta data ya kulitetea.

Kupima kwa kulaza au kusimamisha kuna athari hata pale umri ulipo sahihi. Mtoto huyohuyo huwa mrefu kwa takriban sentimita 0.7 akilazwa. Aliye chini ya miezi 24 akipimwa amesimama, ongeza 0.7; aliyevuka miezi 24 akipimwa amelala, punguza 0.7. Programu ya WHO Anthro hufanya hivyo yenyewe, mradi safuwima ya namna ya kupima isiwe tupu. Basi usikubali iwe tupu.

Si afadhali kishikwambi kikatae thamani mbaya palepale?

Kwa kiasi. Katika programu za kukusanyia data kama ODK au KoboToolbox unaweza kuweka sharti kama hili kwenye swali la urefu:

```
. >= 45 and . <= 120
```

Hilo linazuia 735 badala ya 73.5, na ni jema. Lakini ukikaza mpaka, tuseme 60 hadi 110, mdadisi aliyepata 58.9 halali kabisa hataweza kuendelea, na atakachofanya ni kuandika 60.0. Umepoteza kipimo kizuri na hutajua kamwe. Mpaka wa kuzuia uwe mpana; ulio mwembamba uwe onyo linaloomba kipimo kirudiwe, na thamani zote mbili zihifadhiwe. Ukiona rundo la 45.0 au 120.0 kwenye data, mpaka wako ndio uliozizalisha.

Nafasi tupu, 0, 99 na 9998: kuna tofauti gani?

Kubwa, na hapa ndipo uchambuzi mwingi huharibika kimyakimya. Mtoto anaweza kukosa urefu kwa sababu hakuwepo nyumbani, kwa sababu mama alikataa, kwa sababu ni mlemavu na hawezi kunyooshwa ubaoni, kwa sababu swali halikumhusu, au kwa sababu mdadisi alisahau. Nafasi tupu haielezi lolote kati ya hayo. Kila sababu ipewe msimbo wake, na msimbo usiweze kufanana na jibu halisi. Kutumia 99 kwa "hajui" kwenye umri wa wanakaya ni kuwazeesha watu: bibi wa miaka 99 yupo, tena wako wengi kuliko unavyodhani.

Katika mafaili ya utafiti wa DHS, alama za Z huhifadhiwa zikiwa zimezidishwa kwa 100, hivyo -212 ni -2.12. Katika safuwima ya `hw70`, ambayo ni ya urefu kwa umri, 9996 ni urefu ulio nje ya mipaka, 9997 ni umri ulio nje ya mipaka, na 9998 ni mtoto aliyewekewa alama. Asiyejua hilo hugawanya kila kitu kwa 100 na kuendelea. Tuseme watoto ni 1,000, na 20 wana 9998. Wastani wa 980 waliobaki ni -1.20. Ukiwachanganya wote unapata +0.82, na hapo angalau unashtuka. Lakini asilimia ya udumavu haikushtui: ikiwa 294 kati ya 980 wamedumaa, jibu ni 30.0, ukiwaacha wale 20 ndani unapata 29.4, namba inayopendeza machoni na isiyo sahihi. Ndiyo maana kuangalia kama matokeo "yanaelekea" si ukaguzi.

Programu nazo zina tabia zao. Stata huichukulia thamani inayokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo amri ya kwanza hapa chini inawabeba pia wasio na umri:

```stata
count if miezi > 24
count if miezi > 24 & !missing(miezi)
```

Excel nayo, fomula ikirejelea seli tupu, huirudisha kama 0. Uzito wa kilo 0 kwenye faili lako karibu kila mara umezaliwa hivyo.

Asilimia ngapi ya walioondolewa ni nyingi mno?

Waliovuka mipaka ya alama ya Z wakizidi 1%, hiyo ni dalili ya upimaji dhaifu kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Lakini usitosheke na kuwa chini ya hapo. Kwa kila mtoto aliyevuka mstari kuna wengine waliokosewa kidogo wakabaki ndani. Hao huonekana kwenye mkengeuko sanifu wa uzito kwa urefu, ambao katika tafiti zinazofuata utaratibu wa SMART hutarajiwa kuwa kati ya 0.8 na 1.2. Ukifika 1.5, makosa ya upimaji yamewatawanya watoto kuelekea pande zote mbili, na baadhi ya waliosukumwa upande wa chini watahesabiwa wakondefu.

Tazama pia tarakimu ya mwisho ya urefu. Kila tarakimu, 0 hadi 9, inatakiwa ipate karibu 10% ya vipimo. Mdadisi ambaye 0 na 5 zake zinafika 60% hasomi milimita, anakisia. Huyo hana thamani hata moja iliyo nje ya mipaka, na bado data yake ni mbovu. Orodha hii itengeneze kwa kila mdadisi kila jioni. Wiki mbili baadaye timu imeshahama wilaya na hakuna wa kurudi.

Tujaze zinazokosekana kwa wastani?

Hapana, si katika hatua hii. Kwanza uliza ni akina nani wanaokosekana. Watoto wasio na kipimo wakiwa wamerundikana katika maeneo mawili, huenda mizani iliharibika. Wakiwa ni wa akina mama wanaoshinda shambani au sokoni, basi waliobaki hawawakilishi kijiji, na wastani wowote utakaowajazia utakuwa wa watoto wa akina mama wanaoshinda nyumbani.

Tuhifadhi nini baada ya ukaguzi?

Faili ghafi lisiguswe kamwe. Mabadiliko yote yafanywe kwa amri zilizoandikwa, juu ya nakala. Pembeni iwepo daftari la mabadiliko: kitambulisho, safuwima, thamani ya zamani, mpya, sababu, aliyethibitisha na tarehe. Kwa mtoto wetu wa Agosti, mstari wake ungesema mwaka umebadilishwa kutoka 2021 kuwa 2023 baada ya kadi kuonwa na msimamizi.

Kwenye ripoti, onyesha watoto walivyopungua hatua kwa hatua. Mfano: waliostahili kupimwa 1,012, hawakuwepo 19, ambao wazazi walikataa wapimwe 6, wakabaki 987 waliopimwa. Kwa udumavu, 9 hawana umri na 8 wamevuka mipaka, wakabaki 970. Kwa ukondefu umri hauhitajiki. 4 wamevuka mipaka, wakabaki 983. Viashiria viwili, vigawanyo viwili tofauti. Msomaji akikuta vyote vimegawanywa kwa 987 ana haki ya kuuliza wale 17 wamehesabiwa kuwa nini.